Kuwajulisha wasambazaji kwamba unga unaondolewa sokoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wenye viwanda vidogo na vya kati vya unga wa mahindi, ambao wasambazaji wao ni watu wa maduka ya jumla, mawakala wa mikoani na wenye magari ya kugawa mzigo. Umejengwa juu ya tatizo moja, sumukuvu kupita kiwango, kwa sababu ndilo linalowafikisha wasagaji wengi kwenye hatua hii. Mfano mmoja unarudi kote. Ni wa kubuni, ila hesabu zake ni za aina mtakayokutana nayo.

Mfano wenyewe: kiwanda cha Morogoro kilisaga sembe tarehe 14 Juni, zamu ya usiku, viroba 640 vya kilo 10. Toleo lake ni 165B, yaani siku ya 165 ya mwaka, zamu ya pili. Majibu ya maabara yalionyesha sumukuvu mikrogramu 23 kwa kilo. Viroba 85 vilikuwa bado stoo ya kiwanda, 220 vilikwenda kwa msambazaji wa Morogoro mjini, 240 Dar es Salaam na 95 Iringa.

## Mambo ya mwanzo

1. Ni lini natakiwa kuwaambia wasambazaji? Nisubiri majibu ya pili ya maabara?

Usisubiri. Kuna maagizo mawili, nayo hutolewa kwa nyakati tofauti. La kwanza ni *simamisha*: msambazaji aache kuuza toleo fulani, alitenge na asubiri. Hili litoe saa ile ile unapopata jibu la kwanza linalozidi kiwango. La pili ni *rudisha*: mzigo urudi kiwandani na maduka yafuatiliwe. Hili litoe tatizo likishathibitika, au mamlaka ikikuagiza.

Wengi husubiri wakihofia kujiaibisha bure. Lakini kiroba cha kilo 10 kwenye duka la mtaani hakikai, huisha ndani ya siku chache. Ukikaa wiki moja kusubiri kipimo cha pili, siku utakayotoa taarifa utakuta unga umeshaliwa. Agizo la kusimamisha likija kuonekana halikuhitajika, hasara yake ni siku mbili tatu za mauzo ya toleo moja.

Siku hiyo hiyo ijulishe mamlaka: Tanzania ni TBS, Kenya ni KEBS. Wasambazaji wakisikia kwako kabla ya kusikia kwa mkaguzi, watakusikiliza.

2. Kiwango kinachokubalika ni kipi, na nikieleze vipi kwa mtu wa duka?

Viwango vya Afrika Mashariki kwa unga wa mahindi haviruhusu sumukuvu zote kwa jumla kuzidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 peke yake isizidi 5. Mtu wa duka hazihitaji hizo mikrogramu. Mwambie hivi: "Unga huu una sumu inayotengenezwa na ukungu wa mahindi. Kipimo kimeonyesha zaidi ya mara mbili ya kinachoruhusiwa. Sumu hii huumiza ini, haionekani kwa macho, na haiishi kwa kupika."

Maneno hayo ya mwisho usiyaache. Hoja ya kwanza utakayopewa ni kwamba unga ni mweupe, haunuki, hauna wadudu. Hoja ya pili ni kwamba ugali unachemka, kwa hiyo sumu itakufa. Moto wa jikoni hauifikii sumu hii. Ukungu wenyewe unaweza kufa, sumu iliyokwisha kutengenezwa ikabaki.

Akiuliza kama jambo hili ni la kweli, yapo ya kumwambia bila kumtisha. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 walifariki. Mahindi yale yalikuwa na sumu nyingi mno kuliko unga unaozidi kiwango kidogo, na hilo nalo mwambie. Unataka atenge mzigo, hutaki akatangaze mtaani kwamba watu watakufa usiku huu.

3. Kwa nini toleo moja tu? Si salama zaidi kuondoa unga wote?

Kama unajua kwa uhakika mahindi ya toleo 165B yalitoka wapi na yalianza kuingia kinuni saa ngapi, taja toleo hilo tu. Agizo pana kuliko tatizo humchosha msambazaji. Atarudisha viroba viwili vitatu kukuridhisha, vilivyobaki aendelee kuuza.

Kama hujui, huna pa kuishia. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha vibali vya ubora vya chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na pigo likaangukia jina zima la bidhaa. Kiwanda chenye kumbukumbu za matoleo angalau kina kitu cha kuweka mezani mbele ya mkaguzi.

Kosa linalojificha hapa ni lile la mabaki. Kinu hakisafishwi kabisa kati ya zamu na zamu, na unga uliobaki kwenye mabomba na mapipa huingia kwenye viroba vya kwanza vya zamu inayofuata. Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba matoleo mengine hayahusiki, uliza: kilichosagwa mara baada ya 165B ni nini? Tazama pia swali la 13.

## Taarifa yenyewe

4. Nianze na simu, ujumbe au barua?

Simu kwanza, ujumbe mfupi papo hapo baada ya simu, barua kabla ya jioni. Kila kimoja kina kazi yake. Simu ndiyo inayosimamisha mauzo. Ujumbe unamwachia namba ya toleo mkononi ili asiikosee. Barua ndiyo anayoibandika stoo, na ndiyo utakayomwonyesha mkaguzi.

Kundi la WhatsApp lisiwe njia ya kwanza. Taarifa inazama katikati ya salamu za asubuhi, na alama za buluu zinakuambia ujumbe umefunguliwa, hazikuambii kwamba mtu ameacha kuuza. Lifae kwa kutuma picha ya lebo tu.

Simu ipigwe na mtu wa ubora, ofisa mauzo akiwa pembeni yake. Ofisa mauzo ana namba na anafahamika, lakini ukimwachia peke yake atalainisha: "Kaka, kuna kitu kidogo, ukipata nafasi tutazungumza." Mteja ni wake na kamisheni ni yake, si rahisi kwake kusema acha kuuza.

5. Simu iseme nini hasa?

Iwe ya dakika tatu, na isikatwe kabla hujapata namba. Mpangilio unaofanya kazi ni huu:

"Habari za kazi, mama. Napiga kutoka kiwandani, idara ya ubora. Nakuomba uache kuuza sembe yetu ya kilo 10, toleo 165B, kuanzia sasa hivi. Vipimo vimeonyesha sumukuvu kupita kiwango. Namba ya toleo iko kwenye lebo nyeupe iliyoshonwa mdomoni mwa kiroba. Nakuomba umtume kijana aende stoo tukiwa hewani, akuhesabie. Ni viroba vingapi?"

Kisha subiri. Akikuambia "vipo kama hamsini hivi", hiyo bado haijawa hesabu. Mwombe akupigie baada ya nusu saa, na asipopiga, piga wewe. Kabla ya kuagana, mwambie jambo moja kuhusu fedha zake (swali la 9) na umwombe arudie namba ya toleo kwa sauti. Utashangaa wangapi wanarudia 156B.

6. Ujumbe mfupi uandikweje?

Uingie kwenye herufi 160 ili usikatwe vipande viwili kwenye simu ya kitochi:

> ACHA KUUZA LEO: sembe [chapa] kilo 10, toleo 165B. Ina sumukuvu kupita kiwango. Tenga viroba. Jibu idadi uliyonayo hata kama 0.

Kitenzi kimetangulia. Ukianza na "Ndugu msambazaji wetu mpendwa", kioo cha simu kitaonyesha salamu tu, na ataahirisha kusoma. Adabu yote imo kwenye simu uliyopiga kabla.

Maneno "hata kama 0" usiyaondoe. Asiyekuwa na mzigo huona hana la kujibu, na wewe unabaki hujui kama hana, hajasoma au anaficha.

7. Barua iwe na nini?

Ukurasa mmoja. Hii hapa ya mfano wetu, tatizo likiwa limeshathibitika:

> ACHA KUUZA NA URUDISHE: SEMBE KILO 10, TOLEO 165B
>
> Bidhaa: unga wa sembe [chapa], kiroba cha kilo 10. Toleo 165B. Tarehe ya kusagwa 14 Juni. Mwisho wa matumizi 14 Desemba. Namba ya toleo iko kwenye lebo iliyoshonwa mdomoni.
>
> Tatizo: vipimo vya maabara vimeonyesha sumukuvu mikrogramu 23 kwa kilo. Kinachoruhusiwa ni 10. Sumu hii huumiza ini, haionekani, na haiondoki kwa kupika.
>
> Fanya haya leo:
> 1. Acha kuuza na kugawa toleo hili.
> 2. Hesabu viroba vyote, pamoja na vilivyo kwenye magari. Vitenge na ubandike karatasi USIUZE.
> 3. Pigia simu kila duka ulilouzia kuanzia tarehe 15 Juni. Waambie waache kuuza na wakurudishie.
> 4. Jaza fomu ya nyuma na uitume kabla ya saa nne asubuhi kesho, hata kama huna kiroba hata kimoja.
>
> Usifanye haya: usitupe, usichanganye na unga mwingine, usibadilishe mfuko, usiuze kwa wafugaji.
>
> Fedha zako: tutakurudishia bei uliyonunulia, na kwa viroba vitakavyotoka madukani, bei uliyowauzia. Usafiri ni juu yetu.
>
> Piga: [jina na simu ya mtu mmoja], saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku.

Tarehe ya mwisho wa matumizi imewekwa kwa makusudi. Vijana wa stoo wamezoea kuangalia tarehe hiyo na si toleo, na barua isipoitaja watatafuta namba wasiyoijua. Hata hivyo tarehe peke yake haitoshi, kwa kuwa toleo 165A la asubuhi lina tarehe hiyo hiyo.

Kuna maneno ya kufuta kwenye rasimu. "Kama tahadhari tu" humwambia asome kesho. "Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu" humfanya afikiri kuna siri. "Baadhi ya bidhaa zetu" humwacha ajichagulie. Na usiweke tangazo la unga mpya wa lishe chini ya barua hii. Huwa linawekwa, kwa sababu karatasi yenye nembo ya kampuni ilichapishwa nalo.

8. Fomu ya majibu iulize nini?

Namba nne basi: nilivyopokea, vilivyopo kwangu sasa, nilivyouza, na nilivyorudishiwa kutoka madukani. Chini yake nafasi ya majina ya maduka na idadi kwa kila duka, kisha sahihi na tarehe. Ukizidisha maswali, fomu haitarudi. Anayependelea kupiga picha ukurasa wa daftari lake na kuituma, mpokelee, kisha jaza fomu wewe.

## Fedha na mzigo

9. Nani analipa, na nimwambie lini?

Mwambie kwenye simu ya kwanza. Msambazaji asiyejua atalipwaje ana njia rahisi ya kuokoa mtaji: auze haraka kabla mkaguzi hajafika. Ahadi ya fedha iliyo wazi ndiyo inayouzuia mzigo usipotee.

Mahali panapozua ugomvi ni bei. Katika mfano wetu, msambazaji wa Dar es Salaam alinunua kiroba kwa shilingi 13,500 na kukiuza dukani kwa 14,200. Duka linadai 14,200, na kiwanda kimezoea kurudisha 13,500. Ukimwachia ile 700 aibebe yeye, hatahangaika kuzunguka madukani. Kwa hiyo hesabu huwa mbili: viroba 62 vya stoo yake kwa 13,500, sawa na 837,000, na viroba 71 vilivyorudi kutoka madukani kwa 14,200, sawa na 1,008,200. Jumla ni 1,845,200.

Andika pia njia na siku ya malipo: kupunguza kwenye deni lake, kumtumia kwa simu au kumpa mzigo mwingine. Kumpa mzigo mwingine ndilo chaguo ambalo viwanda hulipenda, lakini duka ambalo wateja wake wameshasikia habari halitaki unga wa chapa ile ile wiki hiyo. Mwache achague.

10. Mzigo uliotengwa ukae vipi hadi ufuatwe?

Ukae mbali na unga unaouzwa, juu ya paleti, umefunikwa turubai, na karatasi ya USIUZE pande mbili. Mwombe apige picha moja inayoonyesha rundo lote na nyingine ya karibu inayosomeka lebo. Kama stoo ni chumba kimoja, kamba na karatasi zinatosha, ila vijana wote wa zamu waambiwe. Viroba vingi hutoka tena kwa bahati mbaya alfajiri, pale anayepakia gari siye aliyekuwepo jana mchana.

Ufuate mzigo mapema. Mzigo uliotengwa ukikaa wiki mbili, unaanza kupungua.

11. Msambazaji anauliza kama anaweza kuuza kwa wafugaji wa kuku au nguruwe. Ni hasara kutupa chakula.

Hapana. Kuku na nguruwe huumizwa na sumu hii, vifaranga wa bata hasa. Ng'ombe wa maziwa akila, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa na kurudi kwa watoto. Mwambie pia kwamba mfuko uliotoka kwenda kwa mfugaji haukosi kuonekana siku moja gengeni ukipimwa kwa kibaba.

Kuteketeza hufanyika mkaguzi akiwapo, kwa kuchoma au kufukia kwa njia atakayoikubali, na cheti chake hubaki kwenye faili lako. Msambazaji asiteketeze mwenyewe. Kiroba kisichohesabiwa kikiteketezwa, kwenye hesabu kinabaki kimepotea.

## Kufuatilia hadi dukani

12. Ankara zangu hazina namba ya toleo. Nitajuaje nani alipata nini?

Ndiyo hali ya kawaida. Risiti ya EFD huonyesha bidhaa, kiasi na tarehe, na kwa viwanda vingi inaishia hapo. Fanya kazi kwa tarehe. Toleo 165B lilianza kutoka stoo tarehe 15 Juni asubuhi, na kiroba cha mwisho kilitoka tarehe 19. Kila aliyepokea kilo 10 kati ya tarehe hizo anapigiwa simu, hata kama huenda alipata toleo jingine. Lebo ndiyo itakayoamua.

Kwa msambazaji, kumbukumbu bora mara nyingi ni daftari la madeni. Wanunuzi wa fedha taslimu hawaandikwi, lakini waliokopa wana majina, tarehe na idadi. Anza na daftari, kisha muulize dereva wake. Dereva anajua maduka yote ya njia yake na nani huchukua viroba vitano kila Jumanne.

Na usisahau wasio maduka: shule, mama lishe na hoteli. Hawa hawauzi, wanapika, na kiroba kimoja kwao ni sahani nyingi. Wapigiwe mmoja mmoja.

13. Baada ya kutuma taarifa tumegundua toleo jingine linahusika. Tuandike upya?

Andika taarifa ya pili, na mstari wake wa kwanza useme uhusiano wake na ile ya kwanza. Tuseme vipimo vya 166A, zamu iliyofuata, vimetoka na viroba vya mwanzo vina mabaki ya 165B:

> TAARIFA YA PILI. Inaongeza toleo 166A. Agizo la toleo 165B linaendelea kama lilivyo.

Bila maneno hayo, nusu ya wasambazaji watadhani 166A imechukua nafasi ya 165B, na wataanza kuuza walichokitenga. Usitume tena barua ya kwanza iliyorekebishwa kimyakimya. Zitakuwapo mbili mtaani zinazofanana, na hakuna atakayejua ipi ni ya mwisho.

14. Duka limefungua kiroba na linauza kwa kupima. Lebo haipo. Tunafanyaje?

Unga ukishamwagwa kwenye ndoo, namba ya toleo imekwenda na mfuko, na mfuko pengine umeshawekwa mkaa. Hapo kanuni iwe moja: kama duka lilipokea viroba vyako ndani ya tarehe za swali la 12 na haliwezi kuonyesha lebo, unga ulio ndooni unahesabika kuwa wa toleo hilo. Upimwe kwa mizani, uandikwe kilo na si viroba, ulipwe, uchukuliwe. Kilo saba za unga uliofunguliwa hazistahili mabishano ya nusu saa.

Kanuni hiyo hiyo itumike pale wino wa lebo umefutika. Mahali pa unyevu hufutika haraka.

15. Msambazaji ametupa namba, lakini mzigo uliorudi haulingani nazo. Nani anadanganya?

Mara nyingi hakuna. Msambazaji wa Morogoro aliripoti viroba 178: 130 stoo na 48 kutoka madukani. Gari lilipofika kiwandani vilihesabiwa 190. Lebo ziliposomwa kimoja kimoja, 12 vilikuwa vya 165A, kwa sababu maduka yalirudisha chochote chenye chapa ile. Bila kusoma lebo, kiwanda kingeandika kimepokea 190 vya 165B, na hesabu ya jumla ingeonyesha upungufu mdogo kuliko ulivyo kweli.

Kwa hiyo anayepokea asome kila lebo. Vile 12 vilipwe na vitengwe peke yake hadi ijulikane hali yake.

Hesabu nzima ya mfano ilimalizika hivi. Stoo ya kiwanda 85, Morogoro 178, Dar es Salaam 133, Iringa 95, ambako mzigo wote ulikuwa haujashushwa. Jumla 491 kati ya 640. Viroba 149 havikurudi: 42 vya Morogoro na 107 vya Dar es Salaam. Hivyo vimeliwa au viko majumbani, na hapo taarifa kwa wasambazaji imefika mwisho wa uwezo wake. Kinachofuata ni tangazo kwa walaji, kwa redio na karatasi madukani, kwa maneno utakayokubaliana na mamlaka.

16. Msambazaji hapokei simu, au anasema hana kitu na sisi tunajua anacho.

Asiyepokea: mpigie mara mbili siku ya kwanza, asubuhi na jioni, kwa namba tofauti. Siku ya pili mtafute kupitia dereva au duka jirani. Siku ya tatu mtu aende. Andika kila jaribio, saa na nani aliyepiga, maana mkaguzi atauliza ulifanya nini, na "tulimtafuta sana" hakukusaidii.

Anayesema hana, usimtuhumu. Mpe namba: "Tulikuletea 240 tarehe 16. Tusaidie kujua zilikokwenda." Akiendelea kukana, nenda madukani anakouza, nunua kiroba kimoja, piga picha ya lebo na risiti. Likithibitika, lipeleke kwa mamlaka kwa maandishi na uache kumpelekea mzigo. Kumbembeleza kwa sababu ni mteja mkubwa ni kosa ambalo hulipwa na walaji.

## Hali zisizo za kawaida

17. Mzigo ulivuka mpaka kwenda Burundi au Kongo.

Kwa simu, Kiswahili kitakufikisha Bujumbura, Goma au Lubumbashi. Barua iandikwe pia kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo ofisi za kule zitaisoma. Usiagize mzigo urudishwe kabla ya kuzungumza na forodha, maana unga uliokataliwa hauvuki mpaka kama bidhaa ya kawaida. Mara nyingi njia fupi ni kuuteketeza kule kule chini ya mamlaka ya nchi ile na kupata cheti. Uliza pia kama mfuko ulibadilishwa njiani, kwa sababu wapo wanaofungasha upya, na hapo namba ya toleo haitakuwa na maana yoyote kwa mwenye duka.

18. Wateja wanaulizia kwa msambazaji kama watadhurika. Ajibu nini?

Mpe sentensi tatu na asizidishe: mteja asiendelee kuula, aurudishe dukani hata kama umefunguliwa na atarudishiwa fedha zake, na kama ana kutapika, maumivu ya tumbo, macho kuwa ya manjano au miguu kuvimba aende kituo cha afya na aeleze alikula nini. Msambazaji asimwambie mtu kwamba ni salama, wala kwamba amepata sumu. Yote mawili yatarudi kwako.

19. Agizo linafungwa lini?

Linafungwa pale kila msambazaji amejibu kwa maandishi au sababu ya kutojibu imeandikwa, mzigo uliorudi umehesabiwa lebo kwa lebo, cheti cha kuteketeza kipo, madai ya fedha yamelipwa, na umetembelea baadhi ya maduka bila kutangaza na kukuta rafu hazina toleo hilo. Chagua maduka kutoka kwenye madaftari ya wasambazaji, hasa yaliyo mbali na barabara kuu, kwa sababu hayo ndiyo hupigiwa simu ya mwisho.

Kisha tuma barua ya kufunga: agizo la toleo 165B na 166A limekamilika, karatasi za USIUZE ziondolewe, na kiroba chochote cha matoleo hayo kitakachoonekana baadaye bado kisiuzwe, namba ya kupiga ni ile ile.